Nadai kampuni iliyonunua mchuzi wangu wa zabibu. Majina ya wenye kampuni ni siri, au nina haki ya kuyajua?

Mama Mchuzi, Hombolo

Wakuu salaam. Nina kiwanda kidogo cha kukamua zabibu huku Hombolo. Msimu uliopita niliiuzia kampuni moja lita 6,000 za mchuzi kwa shilingi 1,500 kwa lita, jumla milioni 9. Wakalipa milioni 3.5 siku ya kupakia, na milioni 5.5 ikabaki kwa ahadi ya mwezi mmoja. Mwezi umepita mara nane sasa.

Aliyekuwa anakuja kupima sukari ya mchuzi, kupatana bei na kutoa amri za malipo ni mzee mmoja ambaye wafanyakazi wake wote wanamwita Bosi. Juzi nimempigia, ananiambia yeye si mwenye kampuni, ni "mshauri" tu, na kwamba wenye kampuni ni watu ambao sheria inakataza majina yao kutajwa. Nimekosa usingizi kwa maneno hayo. Je, ni kweli kuna sheria ya kuficha wenye kampuni? Nikienda BRELA, kwa Msajili wa makampuni, watanipa nini na watanikatalia nini?

Kijana wa Nkuhungu

Pole mama. Kwa bahati mbaya huyo Bosi yuko sahihi. Tangu ije Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, jina la mtu ni taarifa binafsi. BRELA hawawezi kukupa jina la mwanahisa bila ridhaa yake. Ilianza kutumika Mei 2023, kwa hiyo zamani ungepata, sasa hivi milango imefungwa.

Binti wa Makole

Kijana, umesema sheria ipo, hilo kweli. Ila jina kuwa taarifa binafsi halina maana kwamba haliwezi kutolewa. Sheria hiyo hiyo inaruhusu taarifa kutolewa pale ambapo sheria nyingine imeagiza. Mimi nimesomea Uingereza mwaka mmoja, na kule ukiandika jina la kampuni kwenye tovuti ya msajili unaona bure wakurugenzi, wanahisa, mpaka mtu mwenye zaidi ya asilimia 25. Nadhani na sisi sasa tuko hivyo hivyo, maana nasi tumeweka rejesta ya wamiliki manufaa. Mama ingia tu kwenye mtandao, Bosi utamkuta.

Katibu Mstaafu

Shikamooni wakubwa, marahaba wadogo. Nimefanya kazi ya ukatibu wa kampuni zaidi ya miaka 20, nyingi nikiwa hapa Dodoma, kwa hiyo nivumilieni niandike kidogo kwa urefu.

Mama, Bosi amekudanganya. Kijana amekosea kwa sehemu kubwa. Binti amepatia nusu ya kwanza, na nusu ya pili ndiyo itakayokuumiza ukiiamini.

Sheria ya Makampuni, Sura ya 212, inaitaka kila kampuni yenye hisa iwe na rejesta ya wanachama wake, yaani wenye hisa: majina, anwani, idadi ya hisa, tarehe mtu alipoingia na tarehe alipotoka. Rejesta hiyo haikuwekwa kwa ajili ya kampuni peke yake. Mwanachama anaikagua bure, na mtu mwingine yeyote anaikagua kwa ada, saa za kazi. Sheria imekuweka na wewe wa Hombolo humo. Kampuni inaweza kuifunga rejesta kwa siku chache, ila zote kwa mwaka zisizidi 30. Mbali na rejesta hiyo, kuna jalada la kampuni kwa Msajili, ambalo nalo ni la wazi kwa yeyote anayelipa ada. Ukiomba taarifa ya upekuzi unapata wanahisa na hisa zao, wakurugenzi na uraia wao, katibu, ofisi iliyosajiliwa, mtaji, na dhamana zilizoandikishwa juu ya mali za kampuni.

Kisichokuwa cha wazi ni rejesta ya pili, ile ya wamiliki manufaa. Ililetwa na marekebisho ya mwaka 2020 kupitia Sheria ya Fedha, kisha kanuni zake zikatoka 2021. Humo ndimo anapoandikwa mtu wa nyama na damu anayefaidi au kuiendesha kampuni hata kama hana hisa hata moja kwa jina lake. Huyo Bosi, kama uyasemayo ni kweli, mahali pake ni humo. Lakini rejesta hiyo kwetu wanaiona TRA, TAKUKURU, polisi, kitengo cha kudhibiti fedha haramu na vyombo vingine vya namna hiyo. Wewe na mimi hatuioni. Hapo Binti ndipo alipochanganya nchi mbili.

Kijana wa Nkuhungu

Nakubali kwenye wanahisa. Lakini sasa si kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016? Kila raia anaandika barua, ofisi inajibu ndani ya siku 30. Mama aitumie hiyo kuomba wamiliki manufaa.

Katibu Mstaafu

Barua anaweza kuandika, kijana wangu, na siku 30 ni kweli. Ila isome sheria hiyo mpaka kwenye taarifa zinazozuiliwa: humo wametaja kuingilia faragha ya mtu bila sababu, na kudhuru maslahi halali ya kibiashara. Anayejibu ataegemea hapo, tena atasema kanuni za 2021 zimeshataja nani wa kuona. Sisemi asiandike. Nasema asikae akisubiri jibu hilo huku deni linazeeka.

Mama, fanya hivi. Chukua ankara au stakabadhi waliyokupa, uangalie jina kamili lililopigwa muhuri. Hakikisha kama ni kampuni au ni jina la biashara tu, kwa sababu jina la biashara halina wanahisa. Mwenye jina ndiye mdaiwa mwenyewe. Kisha ingia ors.brela.go.tz, fungua akaunti kwa namba yako ya NIDA, itafute kampuni kwa jina au kwa namba ya usajili, uombe upekuzi. Utapewa kumbukumbu namba ya malipo, unalipa kwa simu. Ukipata majibu rudi hapa, ila futa majina ya watu kabla hujayaweka.

Mchimba Winza

Wakuu, naingilia. Mimi niko Mpwapwa, upande wa Winza, nachimba rubi tangu 2008. Pembeni yetu kuna kampuni imeweka bikoni na inasema ina leseni. Tukiuliza wenyewe ni nani, jibu ni hilo hilo la Bosi: siri. Je, na sisi tuishie kwenye wanahisa tu?

Katibu Mstaafu

Mchimba, wewe uko kwenye nyumba tofauti na ya Mama. Kwenye madini, mafuta na gesi kuna Sheria ya Uwazi na Uwajibikaji ya 2015, ile inayosimamiwa na TEITI hapa hapa Dodoma. Hiyo inataka mikataba na leseni ziwekwe wazi, pamoja na majina ya watu binafsi wenye hisa katika kampuni za uziduaji. Angalia neno hilo: watu binafsi. Kwa hiyo wenye mgodi hawapaswi kujifunika kwa jina la kampuni nyingine kama anavyoweza mnunuzi wa mchuzi wa zabibu. Anza na ramani ya leseni ya Tume ya Madini, upate namba ya leseni na jina la mwenye leseni, halafu ulipeleke jina hilo TEITI. Na kama ni leseni ndogo ya uchimbaji, hiyo kwa sheria ni ya Watanzania, kwa hiyo ukikuta mgeni ndiye anayeamuru, hilo lenyewe ni jambo la kupeleka Tume.

Mchimba Winza

Sawa mkuu. Ila hawa mpaka sasa naona wanatafiti tu, hawajaanza kuchimba. Nao wanahesabika?

Katibu Mstaafu

Hapo kuna mabishano, na sitaki kukupa jibu la uhakika nisilokuwa nalo. Peleka swali kwa maandishi.

Mtumishi wa Mtumba

Nami nina langu. Ni mtumishi wa umma, nataka kuanzisha kampuni ya kukodisha mitambo. Sitaki jina langu lionekane kwa sababu za kifamilia. Nimeambiwa nimwandikishe shemeji hisa zote, sisi wawili tuandikiane karatasi pembeni kwamba ni zangu. Kwa maelezo ya Katibu naona ni salama, maana wamiliki manufaa hawaonekani.

Binti wa Makole

Kaka, Mama anatafuta aliyejificha, nawe unauliza namna ya kujificha!

Katibu Mstaafu

Mwache, Binti, swali lake linafaa, kwa sababu ndilo linaloeleza kilichompata Mama.

Mdogo wangu, kumweka mtu ashike hisa kwa niaba yako si kosa kwa lenyewe. Mawakili hufanya hivyo kila siku. Ila shika mambo mawili. Sheria hairuhusu karatasi yenu ya pembeni iandikwe kwenye rejesta ya wanachama. Machoni pa kampuni na pa Msajili, mwenye hisa ni shemeji, basi. Akifariki, wasimamizi wa mirathi yake ndio watakaoingia kwenye rejesta, nawe utabaki na karatasi mahakamani ukibishana na wajane na watoto. Nimeliona hilo kwa macho yangu, na ndugu wale mpaka leo hawasalimiani.

La pili, kwa sababu wewe ndiye unayefaidi, kampuni inapaswa kukuandika kama mmiliki manufaa na kumpelekea Msajili taarifa zako. Usipoandikwa, umetoka kwenye faragha inayokubaliwa na sheria, umeingia kwenye kosa. Kuonekana na mke au jirani unaweza kukuepuka. Kuonekana na TRA na TAKUKURU huwezi kukuepuka kihalali. Na kama cheo chako kinakutaka ujaze tamko la mali kwa Sekretarieti ya Maadili, kampuni hiyo ni mali yako hata kama jina ni la shemeji.

Mtumishi wa Mtumba

Nimekuelewa mzee. Sikujua hilo la mirathi.

Mama Mchuzi, Hombolo

Nimerudi. Majibu nimeyapata, nimefuta majina kama mlivyoniagiza. Yako hivi:

Mtaji shilingi milioni 10, hisa 1,000 za shilingi 10,000 kila moja. Mwanahisa wa kwanza ni Mtanzania mmoja, hisa 10. Wa pili ni kampuni iliyosajiliwa Morisi, hisa 990. Wakurugenzi ni wawili, yule Mtanzania na mgeni mmoja. Ofisi iliyosajiliwa ni kiwanja Dar es Salaam, wala si hapa Dodoma. Kuna dhamana ya benki juu ya "mali zote, zilizopo na zijazo". Ritani ya mwisho, yaani taarifa ya mwaka ambayo kampuni humpelekea Msajili, ni ya miaka mitatu iliyopita. Bosi hayumo popote. Si mwanahisa, si mkurugenzi, si katibu. Yule Mtanzania mwenye hisa 10 nimemtambua kwa jina: ni dereva wao aliyekuwa anakuja na lori.

Namba za NIDA na simu za hao watu hazimo.

Katibu Mstaafu

Hizo hazitolewi kwenye taarifa ya upekuzi, nami sijawahi kuziona humo. Hapo ndipo hoja ya Kijana ina nafasi yake. Sheria ya taarifa binafsi inalinda vitu hivyo. Jina la mwanahisa lipo wazi kwa sababu sheria nyingine imeagiza liwe wazi.

Sasa tuyasome majibu yako polepole, kwa sababu karatasi hiyo inasema mengi kuliko unavyodhani.

Hisa 990 kati ya 1,000 zimeshikwa na kampuni ya nje. Upekuzi wa wazi unaishia kwenye jina hilo. Ukitaka kujua nani yuko nyuma yake lazima ugonge mlango wa Morisi, nao kwa kampuni nyingi za namna hiyo hawafungulii mtu wa nje. Hakuna aliyevunja sheria kwa hapo tu. Kilichoamriwa ni kwamba mtu aliye nyuma ya Morisi aandikwe kwenye rejesta ya wamiliki manufaa hapa kwetu, na kama nilivyosema, hiyo huioni.

Ritani ina miaka mitatu. Maana yake karatasi hii inakuonyesha kampuni ilivyokuwa wakati ule, labda si ilivyo leo. Hisa zikiuzwa, hati hupitia kwanza TRA kwa kodi ya faida na ushuru wa stempu ndipo Msajili abadilishe, na wapo wanaokaa na karatasi kabatini miaka. Kwa hiyo usiape mahakamani kwamba dereva ni mwenye hisa leo. Sema "kwa mujibu wa kumbukumbu za Msajili za tarehe fulani". Kama unataka za leo, nenda au tuma mtu kwenye ofisi yao iliyosajiliwa akaombe kukagua rejesta ya wanachama, alipe ada, na kama watamkataa aandike tarehe, saa na jina la aliyemkataa. Kukataa ni kosa, na Mahakama inaweza kuamuru wafungue.

Mstari ulionitia wasiwasi kuliko yote ni ule wa benki. Dhamana juu ya mali zote maana yake kampuni ikianguka, mitambo, mapipa na hata mchuzi wako ulioko kwenye matangi unaangaliwa na benki kwanza. Wewe huna dhamana, uko nyuma kwenye foleni. Jambo hilo lilikuwa wazi kabla hujapakia lita ya kwanza, na ndilo ambalo wauzaji wengi hawaulizi. Wanatafuta jina la mwenye mali, hawatafuti nani ameshaishikilia.

Mama Mchuzi, Hombolo

Moyo umenishuka. Kwa hiyo hata nikimjua Bosi haisaidii?

Katibu Mstaafu

Husaidia, lakini si kwa njia unayofikiri. Mdaiwa wako ni kampuni. Sheria inaihesabu kampuni kuwa mtu mbali na wenye hisa, kwa hiyo hata Bosi angekuwa na hisa zote 1,000, deni si lake mfukoni. Notisi yako ya madai iende kwenye ofisi iliyosajiliwa, na nakala kwa wakurugenzi wawili kwa majina yao. Hayo yote umeshayapata, tena kwa haki yako. Huhitaji siri ya mtu ili kufungua madai.

Bosi anaingia kama unaweza kuonyesha kwamba alichukua mchuzi wako akijua kampuni haitalipa, au kwamba aliahidi kulipa yeye mwenyewe. Je, una ujumbe wowote alioandika kwa simu yake?

Mama Mchuzi, Hombolo

Ninao. Alituma: "Mama usiogope, hiyo hela iko kwangu, nitakulipa mimi wiki ijayo."

Katibu Mstaafu

Usiufute. Upige picha, uchapishe, na simu usiibadilishe. "Nitakulipa mimi" linaweza kubishaniwa, lakini wakili mzuri atalifanyia kazi.

Binti wa Makole

Katibu, na Mahakama? Shauri likishafunguliwa, Mama hawezi kuomba Mahakama iamuru taarifa za mmiliki manufaa zitolewe? Naona kama ni haki. Msajili ana rejesta, Mama anadai.

Katibu Mstaafu

Mahakama ina mamlaka ya kuamuru nyaraka ziletwe, na Msajili si mkubwa kuliko Mahakama. Lakini jaji atauliza: taarifa hii inahusianaje na deni la kampuni? Ukidai kampuni peke yake, uhusiano ni mdogo. Ukidai kwamba Bosi aliitumia kampuni kama ganda la kukudhulumu, uhusiano unapatikana. Mawakili wenzangu wawili niliowauliza leo asubuhi wamepingana. Mmoja anasema ombi lingepita, mwingine anasema lingekwamia kwenye faragha.

Na kabla hujaisifu Uingereza sana: Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, Novemba 2022, ilibatilisha ile amri ya kuwaonyesha wamiliki manufaa kwa kila mtu, ikisema inaingilia mno faragha. Uingereza ilikuwa imeshatoka kwenye Umoja, ikabaki na uwazi wake. Hata hivyo, kule nako siku ya kuzaliwa na anwani ya nyumbani hazionyeshwi, unaona mwezi na mwaka tu.

Kijana wa Nkuhungu

Mama, samahani kwa kukutisha mwanzoni. Nina pikipiki, na wiki ijayo nitakuwa Dar kwa siku tatu. Ukiniandikia barua ya kunituma nitaenda kwenye hiyo ofisi iliyosajiliwa kuomba kukagua rejesta.

Mama Mchuzi, Hombolo

Asante sana mwanangu. Barua nitaandika leo, na notisi nitaifuata kwa wakili hapa mjini kesho.

Mama Mchuzi, Hombolo (siku kumi na mbili baadaye)

Kijana alifika. Kwenye kiwanja kile hakuna ofisi ya kampuni. Kuna duka la vipuri, na mwenye duka anasema barua za kampuni hiyo huwa zinaletwa pale na mtu mmoja huja kuzichukua kila Ijumaa. Alipoelezwa sura ya mtu huyo, Kijana akamwonyesha mwenye duka picha ya Bosi niliyokuwa nimempa, naye akasema ndiye.

Wakili amechukua maelezo ya mwenye duka kwa maandishi. Notisi imepelekwa pale pale dukani, kwa kuwa ndiyo anwani iliyoko kwa Msajili. Katibu, wakili anauliza kama nawe ungekubali kumweleza kwa simu hilo la ritani za miaka mitatu.

Katibu Mstaafu

Anipigie baada ya saa kumi jioni. Na mwambie aombe pia nakala ya hati ya ile dhamana ya benki. Nayo iko kwenye jalada la wazi, na mara nyingi hati hiyo ina saini ya mtu aliyeidhamini kampuni yeye binafsi.

Mama Mchuzi, Hombolo

Tumeiomba leo.